Kumpigia pindi asiyejua lolote: jinsi ya kugeuza noti za muhadhara kuwa skripti ya kusema

Kosa linalorudi kila mara ni hili. Mtu anachukua noti za muhadhara, anazigeuza Kiswahili mstari kwa mstari, anakaa na msikilizaji wake na kuanza kusoma. Baada ya dakika mbili msikilizaji anatikisa kichwa kwa adabu. Ukimuuliza swali moja la nje ya karatasi, hana jibu.

Sababu ni kwamba noti ziliandikwa kumkumbusha mtu aliyekuwepo darasani. Kila mstari unaacha wazi kile ambacho mhadhiri alikisema kwa mdomo au alikichora ubaoni. Ukitafsiri noti, unatafsiri pamoja na mashimo yake.

Hapa tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wa Moshi ana noti za fizikia kuhusu kuchemka kwa vimiminika. Msikilizaji ni kijana aliyeishia darasa la saba, anayeanza kazi ya upishi kwenye safari za Mlima Kilimanjaro. Ameambiwa na wakubwa wake kazini kwamba maharage hayaivi kule juu hata yakichemka nusu siku, na anataka kujua kwa nini.

## Vitu vya kuandaa

- Noti za mada moja, zisizidi kurasa mbili. Ukileta muhadhara mzima utaishia kwenye muhtasari.
- Karatasi nne tupu: moja ya swali na mnyororo, moja ya maneno, mbili za skripti.
- Kalamu za rangi mbili.
- Simu yenye kinasa sauti na saa.
- Msikilizaji mmoja asiyejua mada. Mwanafunzi mwenzako hafai, kwa sababu anajaza mashimo yako kichwani mwake bila kukuambia.

Tenga saa mbili na nusu. Zaidi ya nusu ya muda huo itaenda kwenye hatua ya 2 na ya 3, na ni sawa iwe hivyo.

## Hatua ya 1: Andika swali moja la msikilizaji

Juu ya karatasi ya kwanza andika swali kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia. Kichwa cha noti kinasema "Athari za mwinuko kwenye kiwango cha mchemko". Hilo si swali la mtu yeyote. Swali ni: "Kwa nini maharage ya Horombo yanatokota lakini hayaivi?" Horombo ni kambi ya wapanda mlima kule juu Kilimanjaro.

Swali ndilo litakaloamua nini kibaki na nini kitupwe. Kwenye noti za mfano wetu kuna fomula ya joto fiche, kuna jedwali la migandamizo na kuna aya nzima kuhusu maji yenye chumvi. Yasiyosaidia kujibu swali piga mstari, hata kama yalitoka kwenye mtihani. Hapa ndipo wengi wanapoona uchungu, maana walikesha kuyakariri.

Hatua imekamilika ukiweza kumtajia msikilizaji swali lako naye akasema, "Eeh, hata mimi nashangaa." Akiuliza "Unamaanisha nini?", andika upya.

## Hatua ya 2: Toa mnyororo, kisha utafute pete zilizokosekana

Noti za mfano wetu, zikishachujwa, zinabaki mistari mitatu:

> Kimiminika huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa angahewa.
> Mgandamizo wa angahewa hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka.
> Hivyo kiwango cha mchemko hupungua.

Ni kweli tupu. Sasa iandike kama mnyororo, kila pete kwenye mstari wake, na katikati ya kila pete mbili andika neno "kwa sababu gani?" kwa rangi nyekundu. Jibu lililopo kwenye noti liandike kwa rangi nyingine. Palipobaki wazi ndipo penye shimo.

Kwenye mfano huu yanatokea mashimo mawili, na ndiyo yanayoangusha karibu kila anayejaribu mada hii.

La kwanza: kwa nini mvuke ulazimike kulingana na hewa? Noti zimekaa kimya. Jibu lipo kwenye povu. Chini ya sufuria maji yanageuka mvuke, na mvuke unataka kutanuka uwe povu. Hewa iliyo juu inayakandamiza maji, nayo maji yanalibana povu. Mvuke ukiwa dhaifu kuliko mbano huo, povu linakufa. Ukilingana nao, povu linaishi na kupanda juu. Bila povu, neno "unapolingana" halina picha yoyote kichwani.

La pili ni kubwa zaidi. Noti zinaishia "kiwango cha mchemko hupungua". Maharage yako wapi? Hakuna mstari unaosema kwamba maji yakishaanza kutokota hayapandi joto tena, moto wa ziada unatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Mhadhiri aliliona dogo mno kuandika, au lilikuwa kwenye mada ya wiki iliyopita. Lakini swali la mpishi linaning'inia hapo hapo, kwa kuwa anaamini moto mkali utamaliza tatizo.

Ukijaza, mnyororo unakuwa na pete tano: hewa ina uzito, uzito huo unalibana povu, juu mlimani hewa iliyobaki ni kidogo, kwa hiyo maji yanatokota yakiwa na joto dogo, na yakishatokota hayapandi tena.

Zikizidi tano, ujue umebeba maswali mawili. Zikiwa mbili, bado kuna shimo hujaliona.

Weka pia namba chache zilizo mkononi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, punguza nyuzi moja. Moshi iko kwenye mita 850 hivi, kwa hiyo ni karibu nyuzi 97. Horombo, mita 3,700 hivi, ni karibu nyuzi 88. Kambi ya Kibo, mita 4,700 hivi, karibu nyuzi 85. Kwenye skripti tumia mbili tu, Moshi na Horombo. Nyingine ziweke pembeni kwa ajili ya maswali.

## Hatua ya 3: Yapitie maneno kabla ya kuandika sentensi

Kwenye karatasi ya pili orodhesha kila neno la kitaalamu lililobaki. Mbele ya kila neno jiulize maswali mawili: je, msikilizaji analijua? Na je, anapolisikia anasikia kitu kile kile unachokisema? Swali la pili ndilo hatari. Neno asilolijua atakuuliza. Neno analolijua kwa maana nyingine atalipokea akiwa na uhakika, na mtaachana njia bila yeyote kushtuka.

Tazama matatu ya mfano wetu.

Presha. Chuoni ndilo neno la mdomoni la mgandamizo. Lakini kwa mtu wa mtaani presha ni ugonjwa wa mama yake, au ni ile sufuria ya kufunga kwa nguvu. Ukisema "kule juu presha inashuka", atafikiria wageni wanaozimia njiani. Liondoe.

Kanieneo. Ni jina jingine la mgandamizo, neno sahihi la vitabuni, na yawezekana mpishi hakuwahi kulisikia. Ukilitumia utalazimika kulifafanua, na ufafanuzi utakula dakika nzima ya muda wako. Sema "hewa inakandamiza". Kitenzi kinatosha pale ambapo nomino ingehitaji darasa lake.

Kuchemka. Hili ndilo mtego mkuu. Kwa matumizi ya nyumbani, maji yaliyochemka ni maji ya moto kabisa, basi. Mapovu na ukali wa moto ni kitu kimoja. Mada yako nzima inasema ni vitu viwili: maji yanaweza kuwa na mapovu tele huku joto lake likiwa dogo. Ukisema "kule yanachemka kwa nyuzi 88", kwenye sikio lake umesema "kule yanakuwa ya moto kabisa yakiwa hayana moto kabisa". Kwa hiyo chagua neno jingine kwa ajili ya mapovu, nalo lipo tayari: *kutokota*. Litumie mwanzo hadi mwisho, na usirudi kwenye kuchemka hata mara moja. (Tena mtaani kuchemka ni kushindwa, na ukiwa na msikilizaji mcheshi utapoteza sekunde ishirini kwenye utani.)

Hatua imekamilika ukiwa na orodha ya maneno yasiyozidi manne utakayoyafafanua, na neno moja moja tu kwa kila jambo. Kubadilisha maneno ili lugha ipendeze ni uzuri wa insha. Kwenye skripti, msikilizaji atadhani umeleta kitu kipya.

## Hatua ya 4: Chagua mfano mmoja, kisha ujaribu kuuvunja

Mfano ni kwa ajili ya pete ngumu kuliko zote, siyo kwa kila pete. Hapa pete ngumu ni kwamba hewa ina uzito na kule juu inapungua.

Wazo la kwanza linalowajia wengi ni mablanketi: chini umefunikwa mengi, juu machache. Livunje kwa kuuliza: msikilizaji atachukua nini ambacho sikukikusudia? Blanketi linaleta joto. Mlimani kuna baridi. Atahitimisha kwamba maharage hayaivi kwa sababu hakuna blanketi la kuyapasha. Hilo ndilo kosa lenyewe unalotaka kuliondoa, na wewe umelipamba.

Chukua magunia ya mahindi stoo. Yamepangwa kumi, moja juu ya jingine. La chini limebanwa na tisa, la juu halina mzigo. Hapa hakuna joto linaloingia kwa mlango wa nyuma.

Mfano huu nao una mpaka wake: gunia linakandamiza kuelekea chini tu, hewa inakandamiza kila upande. Kwa swali letu haidhuru, kwa hiyo usiliseme kwenye skripti. Liandike pembeni, maana msikilizaji makini atakuuliza kwa nini basi hewa haimlalii kichwani.

## Hatua ya 5: Andika kwa ajili ya mdomo

Lenga dakika nne. Mtu anayefundisha taratibu kwa Kiswahili hutoa maneno kama 90 hadi 110 kwa dakika, na vituo vitakula karibu dakika nzima. Kwa hiyo skripti yako isizidi maneno 300. Pima kasi yako: soma ukurasa wowote kwa sauti kwa dakika moja, hesabu maneno.

Tumia alama tatu tu. Mkwaju mmoja (/) ni pumzi. Miwili (//) ni kituo cha kuhesabu hadi tatu kimoyomoyo. Maneno kwenye mabano ya mraba hayasomwi, ni maelekezo kwako.

Hii ndiyo skripti ya mfano wetu ikiwa imekamilika:

> Kaka, sufuria ikitokota, yale maji yana moto kiasi gani? [NGOJA AJIBU]
>
> Wengi tunajua yakitokota yamefika mwisho wa moto. Ni kweli. / Ila mwisho huo haufanani kila mahali. Hapa Moshi ni nyuzi 97. Horombo ni nyuzi 88. //
>
> Twende chini ya sufuria. Moto unapiga kitako. Pale kitakoni maji kidogo yanageuka mvuke, na mvuke unataka kutanuka uwe povu. / Lakini juu kuna hewa, na hewa ina uzito. Inayakandamiza maji, na maji yanalibana povu. Povu dhaifu linakufa. [FUMBA NGUMI POLEPOLE]
>
> Moto ukiendelea, mvuke unapata nguvu. Unafika mahali unalingana na mbano wa hewa. Hapo povu halifi. Linapanda, linapasuka juu. / Huko ndiko kutokota. //
>
> Sasa fikiria stoo ya mahindi. Magunia kumi, moja juu ya jingine. Lipi limebanwa zaidi? [NGOJA] La chini. / Moshi tuko chini, hewa nyingi iko juu yetu. Horombo umeshayapita magunia kadhaa. Yaliyobaki juu yako ni machache. //
>
> Kwa hiyo kule povu linasukuma mzigo mdogo. Mvuke hauhitaji nguvu nyingi, na maji hayahitaji moto mwingi. Yanatokota mapema, yakiwa na nyuzi 88 tu. //
>
> Na yakishatokota, hayapandi tena. Ukiongeza gesi, moto wa ziada unaondoka na mvuke. Maji yanakauka haraka, joto ni lile lile. / Maharage yanalainika kwa joto, siyo kwa mapovu. Kule yanakaa kwenye nyuzi 88, hayafiki 97. Ndiyo maana yanachelewa.

Angalia mambo mawili. Kila sentensi inaishia kabla pumzi haijaisha. Ikizidi maneno kumi na tano, ikate. Na kitu kinachofanya kazi kinakuja mwanzoni: moto unapiga, hewa inakandamiza, povu linakufa. Noti zinasema "mchemko hutokea", na kwa sikio la mgeni hakuna aliyefanya chochote.

## Hatua ya 6: Jirekodi, kisha kata

Soma ukiwa umesimama, simu ikirekodi. Usirekebishe wakati wa kusoma. Sikiliza mara moja ukiwa na kalamu, na weka alama pale ulimi ulipokwama, pale ulipoongeza maneno yasiyoandikwa, na pale ulipokimbia.

Ulimi ukikwama, tatizo ni sentensi. Ukiongeza maneno, kuna pete bado inakosekana na mdomo wako umeijaza wenyewe. Yaandike hayo maneno. Ukikimbia, mara nyingi ni kwa sababu hapo hujaelewa vizuri. Rudi kwenye noti kabla hujarudi kwenye skripti.

Futa "kimsingi", "kama tulivyoona" na "kwa maana hiyo basi". Ni mazoea ya jukwaani.

## Hatua ya 7: Mpe msikilizaji, naye akurudishie

Ukimaliza, usiulize "Umeelewa?" Huku kwetu kumwambia aliyejitolea kukufundisha kwamba hujaelewa ni kama kumvunjia heshima. Jibu litakuwa "Nimeelewa, kaka" hata kama hajashika chochote.

Muulize swali la kazi ambalo jibu lake halikuwemo kwenye skripti: "Uko Horombo, wageni wana njaa, maharage ni magumu. Utafanya nini yaive?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi ni mrefu kuliko unavyodhani, lakini usiuvunje wewe.

Kama msikilizaji ni mkubwa kwako, usimtahini kama mtoto wa shule. Mwombe ushauri: "Mama, ungekuwa wewe jikoni kule, ungefanyaje?" Jibu litakuambia kile kile.

Majibu yenye kasoro yatakuwa karibu haya matatu, na kila moja linaonyesha mstari wa kurekebisha.

"Ni ile baridi ya mlimani." Hajaipokea pete ya tatu. Baridi inachelewesha maji kufika kwenye kutokota, lakini haibadilishi joto yanapotokota. Ongeza mstari baada ya magunia: "Hata mchana jua likiwaka, hata jiko likiwa ndani ya hema lenye joto, Horombo ni nyuzi 88."

"Nitaongeza moto." Aya ya mwisho imepita haraka. Usiirefushe, itangulize na swali, "Ukiongeza gesi, maji yatazidi moto?", na ungoje ajibu vibaya kabla hujaendelea. Aliyejikwaa mwenyewe anasikiliza vizuri zaidi sentensi inayofuata.

"Nitafunika." Huyu yuko njiani, usimkatishe. Mfuniko wa kawaida unaokoa gesi, ila mvuke unapenya pembeni na mbano hauongezeki kwa maana yoyote. Muulize: "Na ungekuwa mfuniko usiopitisha mvuke?" Akitaja sufuria ya presha amefika, kwa sababu mvuke uliofungiwa unafanya kazi ya yale magunia yaliyopungua, na maji yanapita nyuzi 100 kabla ya kutokota. Hapo ndipo neno presha linaweza kurudi kwenye mazungumzo, likiwa na maana moja tu.

Akisema "nitaloweka usiku kucha" au "nitayapika Moshi kabisa niyapashe tu kule", amefaulu pia, hata kama hakutumia neno lako hata moja. Sikiliza kama ametaja joto dogo kama sababu. Asipolitaja, huenda ni desturi ya jikoni anayoijua tangu zamani, na skripti yako haikuongeza kitu.

Kuna swali moja la kurudishiwa ambalo lazima ulijibu papo hapo: "Basi maji ya kunywa kule si salama?" Vijidudu vingi vya maradhi hufa kwenye joto lililo chini sana ya nyuzi 85. Kwa maeneo yaliyo juu ya mita 2,000, ushauri wa kawaida ni kuyaacha yatokote dakika tatu badala ya moja. Liandike nyuma ya karatasi. Ukibabaika hapa, mpishi atatilia shaka hata yale magunia.

Rekebisha mstari ule mmoja ulioonyeshwa na jibu, kisha mtafute msikilizaji wa pili. Usimrudie wa kwanza, kwa sababu sasa anajua jibu. Wa pili naye akikosea pale pale, acha kugusa maneno. Rudi hatua ya 2 na uandike mnyororo upya kwenye karatasi tupu.